Kuhamisha nyimbo zetu bila kuvuruga mpangilio

Wengi wetu hapa Goma tunasikiliza muziki kwenye simu, na kuna siku mtu anataka kuacha huduma moja na kwenda nyingine: bei imepanda, au watoto wanatumia ingine. Hapo ndipo swali linatokea: je, orodha niliyoipanga miaka mitatu itafika nzima?

Jambo la kwanza la kujua ni kwamba nyimbo zenyewe hazihami. Kinachohama ni majina tu. Chombo cha kuhamisha, kama TuneMyMusic au Soundiiz, kinasoma orodha yako upande wa zamani, kisha kinatafuta kila wimbo upande mpya kwa jina, mwimbaji, albamu na alama inayoitwa ISRC. Hiyo ni alama ya herufi na tarakimu 12 inayotambulisha rekodi moja. Alama ikilingana, unapata rekodi ileile. Isipolingana, chombo kinafuata majina, na hapo muziki wetu unaumia. Orkestra ya Franco peke yake imeandikwa TPOK Jazz, T.P. O.K. Jazz, au jina la Franco tu, na wimbo mmoja umetolewa tena kwenye mikusanyo mingi.

Tuchukue mfano. Mama mmoja ana orodha ya harusi yenye nyimbo 143, saa 11 na dakika 20, kwenye Spotify. Mpangilio ni kazi: kuingia kwa bibi harusi, chakula, keki, halafu dansi. Anataka kwenda Deezer. Kabla ya yote, anafungua TuneMyMusic kwenye kompyuta, anachagua Spotify kama chanzo, lakini mahali pa kupeleka anachagua faili, si Deezer. Anapata jedwali la CSV lenye jina la wimbo, mwimbaji, albamu na ISRC, kwa mpangilio uleule. Anaongeza safu ya namba, 1 hadi 143, na kulitunza. Ndipo anarudia kazi, safari hii kuelekea Deezer. (Sehemu ya bure ina kiasi chake cha nyimbo, msome kabla ya kuanza.)

Chombo kinasema zimepatikana 136, saba hazipo. Tatu ni za korali, alizipakia mwenyewe kutoka flashi. Hizo hazihami kamwe, maana huduma mpya haizijui. Nne zimeandikwa tofauti, anazitafuta kwa mkono.

Wengi wanaishia hapo. Yeye anapiga hesabu ya muda. Zile saba ni dakika 41, kwa hiyo Deezer ingepaswa kuonyesha saa 10 na dakika 39. Inaonyesha saa 10 na dakika 21. Dakika 18 zimekwenda wapi? Anashuka orodha zote mbili, akilinganisha muda wa kila wimbo, na anakuta rumba tatu zimeletwa kwa toleo fupi, lililokatwa kabla ya sebene. Jina ni lilelile, mwimbaji yuleyule, ndiyo sababu chombo hakikulalamika. Na mnajua, wimbo kama Mario wa mwaka 1985 unachukua karibu dakika 14. Ukiletewa wa dakika sita, wageni wanakaa chini kabla hawajacheza. Anafuta hizo tatu na kuweka zile ndefu.

Nyimbo ulizozipigia moyo zina shida yao. Hizo hazina mpangilio isipokuwa tarehe uliyozipenda. Zikihamishwa, zote zinapata tarehe ya leo, na mara nyingine ya kwanza inakuwa ya mwisho. Dawa ni kuzigeuza orodha ya kawaida kwanza: kwenye programu ya Spotify ya kompyuta, fungua nyimbo hizo zikiwa zimepangwa kwa tarehe, bonyeza Ctrl+A, kisha Ctrl+C, ingia kwenye orodha mpya na ubonyeze Ctrl+V. Hamisha hiyo orodha. Tarehe zenyewe hazivuki kwa njia yoyote. Anayezitaka azichukue kwa Exportify, inayoziandika kwenye safu ya Added At.

Ukiona mpangilio umegeuka baada ya kuhamisha, usianze kulia. Angalia kwanza kama huduma mpya inakuonyesha orodha kwa alfabeti au kwa tarehe. Mara nyingi vurugu ni ya kioo tu. Na wimbo unaoongeza kwa mkono unaingia mwisho wa orodha. Wimbo wa keki uliokuwa namba 58 utakuwa wa 137, mpaka uukokote kurudi mahali pake kwa kufuata namba za lile jedwali. Akaunti ya zamani ibaki wazi hadi kazi hiyo iishe.