Mstari Unaopita Juu ya Siku Zisizopimwa

Kina cha mto kilisomwa mita 1.2 Machi 3, kisha mita 1.4 Machi 9. Katikati, kijiti cha kupimia hakikusomwa. Ukichora grafu, kompyuta itaunganisha vipimo hivyo viwili kwa mstari mnyoofu, na msomaji ataamini mto ulikuwa shwari, hata kama ulifurika Machi 6.

Chanzo ni kwamba safu za Machi 4 hadi 8 hazimo kabisa kwenye jedwali, hivyo programu haijui kuna pengo. Dawa ni kuziingiza tarehe zote, na kuziacha bila thamani zile zisizopimwa. Usiweke sifuri, kwani hiyo husema mto ulikauka. Katika pandas, tarehe zikiwa ndiyo faharasa ya jedwali, mistari miwili yatosha:

```
kina = kina.asfreq("D")
kina.plot(marker="o")
```

Sasa mstari utakatika palipo na pengo. Vitone ni vya lazima: kipimo kilichozungukwa na mapengo pande zote mbili hakina cha kuunganishwa nacho, na bila kitone kingetoweka.

Lakini kama kituo hupimwa kila Jumatatu tu, tumia `"W-MON"`. Ukitumia `"D"`, mstari wote utavunjika.