Koili ya Gari: Volti 12 Zinavyozaa Cheche ya Plagi

Betri ya gari hutoa volti 12 tu, ilhali cheche ya plagi kwenye injini ya petroli inahitaji maelfu ya volti, mara nyingi zaidi ya 10,000. Kazi hiyo hufanywa na koili, nayo huifanya pale umeme unapokatwa.

Ndani ya koili kuna nyaya mbili zilizozungushwa kwenye chuma kimoja. Ya kwanza ni nene na ina mizunguko mia chache. Ya pili ni nyembamba sana, na mizunguko yake ni karibu mara 100 ya ile. Mkondo ukipita kwenye waya wa kwanza, chuma hujaa usumaku, na usumaku huo hupenya mizunguko ya nyaya zote mbili. Usumaku ukibadilika, volti huzaliwa pande zote mbili.

Tabia ya koili kupinga mabadiliko ya mkondo wake yenyewe huitwa induktansi binafsi, L. Uwezo wa koili moja kuzalisha volti katika jirani yake ni induktansi ya pamoja, M. Zote hupimwa kwa henri, kwa heshima ya Mmarekani Joseph Henry. Volti ya koili ya pili hupatikana hivi:

E₂ = −M × ΔI₁/Δt

Alama ya kutoa huonyesha kwamba volti hiyo huelekea kupinga badiliko lililoizaa. Kinachoamua ukubwa wake, mbali na M, ni kasi ya badiliko la mkondo, wala si wingi wa mkondo wenyewe.

Tuchukue L ya koili ya kwanza iwe henri 0.008, na M iwe henri 0.6. Swichi ikifungwa, L huuzuia mkondo usipande ghafla: mwanzoni hupanda kwa 12 ÷ 0.008, yaani ampea 1,500 kwa sekunde. Upande wa pili hupata 0.6 × 1,500, sawa na volti 900, ambazo haziwezi kuruka pengo la plagi. Mkondo ukifika ampea 4, swichi hukata, nao hushuka hadi sifuri kwa sekunde 0.0001. Hiyo ni kasi ya ampea 40,000 kwa sekunde, na volti ni 0.6 × 40,000 = 24,000. Wakati huohuo koili ya kwanza nayo hujizalishia 0.008 × 40,000, yaani volti 320.

Hizo 320 ndizo zinazosumbua magari ya zamani yenye swichi ya vituo vya chuma. Huruka kati ya vituo vinapoachana, na cheche hiyo huendeleza mkondo usikatike upesi. Kondensa iliyofungwa sambamba na vituo huupokea umeme huo. Ikifa, vituo huungua na kuwa vyeusi. Mkondo ukichukua sekunde 0.0005 kukatika, upande wa pili hubaki na volti 4,800, injini huwaka kwa shida, na plagi ikitazamwa cheche yake huonekana dhaifu, ya manjano.