Kazi ya Mama

Huko Kibosho, jioni moja baada ya Rozari, mama mmoja mjane alikuwa akipukuchua maharagwe. Binti yake aliketi karibu na taa, akaanza kumsomea insha yake ya kuomba msaada wa ada ya chuo cha uuguzi.

“Baba yangu alifariki nilipokuwa na miaka 9. Mama yangu hana kazi...”

Mikono ya mama ikasimama kidogo, kisha ikaendelea. Binti akasoma mpaka mwisho, lakini sauti ilikuwa imempungua, kwani aliuona mkungu wa ndizi pale mlangoni, tayari kwa soko la kesho.

“Mama, mbona kimya?”

“Nakusikiliza, mwanangu. Umeandika vizuri.”

Basi binti akachukua kalamu, akafuta mstari mmoja, akasoma tena: “Mama yangu hulima kihamba chetu, hukata majani ya ng'ombe alfajiri, na huuza ndizi sokoni mara mbili kwa juma. Sare na madaftari yangu ya miaka 4 yalitokana na ndizi hizo. Ada ya chuo imezidi nguvu zake.”

Mama akainamia ungo wake. “Hayo ndiyo kweli,” akasema polepole. “Peleka hiyo.”