Hesabu ya Bapa na Hesabu ya Uso wa Dunia katika Kupima Maeneo Makubwa

Eneo la shamba la hekta chache hukokotolewa kana kwamba ardhi ni bapa, na hakuna anayepunjwa. Poligoni ikitanuka hadi kufikia ukubwa wa nchi, hali hubadilika, kwa sababu uso wa dunia umepinda na hauwezi kulazwa juu ya karatasi bila kuvutwa mahali fulani. Ndipo zinapotokea njia mbili. Ya kwanza huhamisha vipeo vya poligoni kwenye ramani bapa na kupima umbo linaloonekana hapo. Ya pili, iitwayo ya kijiodesia, hupima moja kwa moja juu ya umbo la dunia lenyewe, ambalo ni kama tufe lililobonyea kidogo kwenye ncha.

Mfano mzuri ni poligoni ya pembe nne inayoanzia ikweta hadi latitudo 10 kusini, kati ya longitudo 30 na 40 mashariki. Ndani yake imo sehemu kubwa ya Tanzania, pamoja na vipande vya nchi jirani na vya bahari. Kompyuta ikizichukua digrii hizo kama namba za kawaida, hutoa jibu la 100. Hizo ni digrii za mraba, kipimo kisicho na maana ardhini, maana digrii moja ya longitudo hupungua urefu kadiri mtu anavyoiacha ikweta. Jibu dogo namna hiyo kwa eneo kubwa namna hii ndiyo dalili ya wazi ya kosa hili.

Ramani nyingi za mtandaoni hutumia Web Mercator, yenye namba EPSG:3857. Humo poligoni hii hupata kilomita za mraba 1,245,500 hivi, ilhali eneo halisi lililozungukwa na latitudo na longitudo hizo ni takribani 1,224,800. Tofauti haifiki asilimia mbili, na hapo ndipo mtu wa karibu na ikweta anapodanganyika. Poligoni yenye digrii zilezile ikisogezwa kaskazini, kati ya latitudo 50 na 60 ambako Moscow ipo, eneo lake halisi ni kilomita za mraba 711,000 hivi, lakini Web Mercator huonyesha zaidi ya milioni mbili, yaani mara tatu. Ramani hiyo hulinda pembe za maumbo madogo, na gharama ya kuzilinda ni ukubwa.

Ramani bapa zenyewe si kosa. Zipo zilizotengenezwa makusudi kulinda eneo, kwa mfano EPSG:6933. Katika PostGIS, njia hizo mbili hulinganishwa hivi:

```
SELECT ST_Area(ST_Transform(g, 6933)) / 1e6,
       ST_Area(g::geography) / 1e6
FROM (SELECT ST_MakeEnvelope(30,-10,40,0,4326) AS g) AS t;
```

Jibu la kwanza ni 1,224,800 hivi, na la pili hulizidi kwa kilomita za mraba 3,000 na ushei, pengo kubwa kuliko Unguja na Pemba kwa pamoja. Inashangaza, kwa kuwa zote mbili zimehesabiwa sawasawa. Chanzo ni mstari wa kusini. Poligoni ina vipeo viwili tu huko, na kila njia huviunganisha kwa namna yake: ramani hufuata latitudo ya 10, lakini hesabu ya kijiodesia hufuata njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia, ambayo katikati hujipinda kuelekea kusini kwa zaidi ya kilomita nne. Ule ukanda mwembamba ulioongezeka ndio pengo lote.

Kwa hiyo swali la kuuliza kabla ya kuchagua njia ni hili: mpaka wenyewe unapita wapi kati ya vipeo? Mpaka wa Tanzania na Uganda ndani ya Ziwa Victoria hufuata latitudo ya digrii 1 kusini. Mstari wa aina hiyo huongezewa vipeo vya kati kwanza, katika digrii, kisha hesabu ya kijiodesia hufuata. Katika mfano wetu, kipeo kimoja kwa kila digrii hupunguza pengo mara mia, hadi kilomita za mraba 30 hivi. Mpaka uliokusudiwa kuwa njia fupi kati ya alama mbili hauhitaji nyongeza hiyo katika hesabu ya kijiodesia. Unaihitaji unapopelekwa kwenye ramani ya bapa, na vipeo vyake hutafutwa juu ya njia hiyo fupi.

Kwa kiwanja, kijiji au wilaya iliyo ndani ya kanda moja ya UTM, hesabu ya bapa inatosha: karibu na ikweta kosa lake halizidi sana asilimia 0.2, hata ukingoni mwa kanda. Poligoni inayovuka kanda, kama Tanzania iliyolala juu ya kanda za 35, 36 na 37, ipimwe kijiodesia au kwa ramani inayolinda eneo, yenye vipeo vya kutosha. Majibu ya njia hizo mbili yakikaribiana, vipeo vinatosha. Yakiachana, viongezwe tena kwenye mistari mirefu.