Asilimia 26 ya Kwale: Takwimu zaturuhusu kusema nini?

Tabibu mmoja mzawa wa Mkwiro, kile kijiji cha Wachifundi kilicho mashariki mwa Kisiwa cha Wasini, aliniuliza hivi: “Mwalimu, wanasema aivamektini ilipunguza malaria Kwale kwa asilimia 26. Mama akiniuliza, nimwambie mtoto wake ana kinga ya robo?”

La hasha. Ila kosa si lake. Ripoti ya mshauri wa takwimu kwa daktari hutakiwa kueleza hesabu ilifanywaje na matokeo yanaruhusu kauli zipi. Aghalabu sehemu hiyo ya pili humezwa na istilahi.

Tuutazame utafiti wenyewe, BOHEMIA, uliofanyika Kaunti ya Kwale na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2025. Watu walipewa dawa mara moja kwa mwezi kwa miezi 3. Upande mmoja ulipewa aivamektini, upande wa pili albendazoli, dawa ya minyoo. Kisha watoto wa miaka 5 hadi 15 wakafuatiliwa kwa miezi 6 kuona nani ameambukizwa. Aivamektini hii kazi yake hapa ni kumuua mbu anayemuuma aliyeimeza. Kwa hiyo mtoto hakingwi na kidonge chake mwenyewe. Anakingwa na vidonge walivyomeza majirani.

Ndiyo maana kura haikupigwa kwa mtu mmoja mmoja. Yalipigiwa kura mafungu 84 ya makazi, yenye watu 28,932 waliostahiki. Hapa mshauri mzuri humtahadharisha daktari mapema. Watoto wa fungu moja huumwa na mbu walewale, hunyeshewa na mvua ileile, hivyo hali zao hufanana. Ukiwahesabu kana kwamba kila mmoja ni shahidi wa kujitegemea, utajipa uhakika usio wako. Uzito wa ushahidi huu unategemea zaidi yale mafungu 84 kuliko ile idadi kubwa ya watu.

Sasa namba. Penye albendazoli, maambukizi yalikuwa 2.66 kwa kila mtoto kwa mwaka wa kufuatiliwa. Penye aivamektini, 2.20. Yaani ukifuatilia watoto 100 mwaka mzima, ni maambukizi 266 dhidi ya 220. Gawanya 220 kwa 266 upate 0.83, upungufu wa asilimia 17. Mbona basi ripoti inasema 26? Kwa sababu uwiano uliotangazwa, 0.74, ni uliosawazishwa: hesabu hujaribu kuzitoa tofauti kati ya mafungu zinazoweza kuathiri matokeo. Si ujanja huo, ni desturi halali. Lakini daktari ana haki ya kuandikiwa ni tofauti zipi zilizosawazishwa, na kama ziliteuliwa kabla ya matokeo kuonekana. Namba hizo mbili ziwekwe jirani, asiache kuiona mojawapo.

Kando ya 0.74 kuna mipaka yake, 0.58 na 0.95. Mimi ningeiandika hivi: “Data hizi zinaafikiana na upungufu wa asilimia 42, na pia na wa asilimia 5 tu.” Waandishi wengi huibeba 26 na kuiacha mipaka njiani, ilhali mwenye kupanga bajeti ya dawa ataamua vingine kabisa kwa 5 na kwa 42.

Kisha ile P ya 0.02. Maana yake ni kwamba kama dawa isingekuwa na athari yoyote, tofauti kubwa kiasi hiki au zaidi ingejitokeza kwa bahati takriban mara 2 katika 100. Haisemi kwamba dawa ina uwezekano wa asilimia 98 wa kufanya kazi. Wala matokeo ya namna hii tusiyaite “muhimu”, kama magazeti yetu yapendavyo. Umuhimu ni hukumu ya tabibu na jamii. Mtakwimu anaweza tu kusema tofauti ni “bayana kitakwimu”.

Basi mama ajibiwe nini? Kwamba pale jamii ilipopewa aivamektini kwa pamoja, watoto wa umri wa shule waliambukizwa mara chache zaidi, lakini bado waliambukizwa, na wengi. Kama ana mwana wa miaka 2, kipimo hiki hakikuchukuliwa kwa umri wake. Chandarua kibaki kitandani. Na kwa Mkwiro, iliyozungukwa na maji, 26 ni wastani wa mafungu ya utafiti, si ahadi kwa kijiji kimoja.

Kuhusu madhara makubwa, uwiano ulikuwa 0.63, na mipaka yake 0.21 na 1.91. Mipaka hiyo imevuka 1 pande zote mbili. Hairuhusu kuandika kwamba aivamektini ni salama zaidi ya albendazoli, wala kwamba zinalingana. Inaruhusu kuandika kwamba tofauti haikubainika.