Kabalo: nyama ya jicho inaanzia upande wa pua

Hapa Kabalo tulimukuta kaka mmoja wa kufyatua matofari. Kanyama kekundu kameota kwenye weupe wa jicho lake, upande wa pua, na sasa kanapanda juu ya sehemu nyeusi. Yeye anasema: «Ni vumbi tu.»

Vumbi na upepo vinachokoza jicho, ni kweli. Lakini mwenye kosa kubwa ni jua. Mwangaza unaoingia kutoka upande wa sikio unapita katika kioo cha jicho na kukusanyika kwenye ukingo wa upande wa pua. Njo maana nyama inaanzia pale mara nyingi. Basi miwani iliyo wazi pembeni haitoshi: tutafute yenye kufunika pembeni na kuzuia mionzi ya jua, pamoja na kofia pana. Weusi wa kioo peke yake si kinga.

Miwani haiondoi nyama iliyokwisha kuota. Ikikaribia mboni, kuona kunaharibika. Munganga wa macho anaikata, kisha anapandikiza pale utando mwembamba wa jicho lenyewe, sababu ikikatwa tu, mara nyingi inarudi.