Mpira unaposita kabla ya kugusa chini

Katika Graph Editor ya Blender, fremu zinasonga kulia na thamani inapanda juu. Chukua mpira: Z Location ni 4 kwenye fremu ya 1, 0 kwenye ya 13, kisha 4 kwenye ya 25. Mstari huo si njia ya mpira angani. Unaonyesha kimo chake kila wakati. Panapoinama sana pana kasi, palipolala pametulia. Ndiyo maana mpira huu unanyemelea sakafu kama unaiogopa: mstari umelala kwenye fremu ya 13.

Bofya nukta ya katikati yenyewe, si ncha za mikono yake. Ukishika ncha utapindisha upande tu. Bonyeza V, chagua Vector. Bonde linachongoka, mpira unadunda.